Nimeandikiwa 23 badala ya 62, na viza yangu inaisha Januari

Dada mshauri, shikamoo.

Nina miaka 27, natoka Korogwe. Nimemaliza masomo ya uzamili ya afya ya jamii kwenye chuo kimoja England. Ijumaa ya tarehe 14 Novemba 2025 matokeo yalitoka. Moduli zote nimefaulu isipokuwa ya sera ya afya, ambayo nimeandikiwa 23. Kufaulu ni 50.

Moduli hiyo ina insha yenye uzito wa asilimia 60 na mtihani wenye uzito wa asilimia 40. Kwenye insha nilipata 64, niliiona mwenyewe kwenye Moodle, tovuti ya masomo ya chuo, pamoja na maoni ya mwalimu. Mtihani nilipata 58. Mwezi Machi niliugua, wakanipa nyongeza ya wiki moja kwa maandishi: badala ya tarehe 24 saa sita mchana, mwisho wangu ukawa tarehe 31 saa sita mchana. Wakanifungulia na kisanduku kingine cha kuwasilishia. Niliwasilisha tarehe 30 usiku, risiti ya Turnitin, mfumo wa mtandaoni unaopokea kazi za wanafunzi, ninayo.

Bodi ya mitihani imeamua nirudie insha Mei mwakani. Viza yangu ya mwanafunzi inaisha tarehe 26 Januari 2026. Nilitarajia kuomba viza ya wahitimu nikae miaka miwili nifanye kazi, lakini chuo kisipoiarifu serikali kwamba nimemaliza, siwezi kuomba.

Namshuku mwalimu wa moduli. Februari nilimpinga darasani kuhusu wahudumu wa afya wa vijijini kwetu, na tangu siku hiyo hakunichangamkia. Nimeandika barua ya malalamiko kwa Msajili, kurasa tatu, rafiki yangu akanisaidia kuikoleza. Nakala anataka tupeleke kwa Makamu Mkuu wa Chuo, mkuu wa kitivo na mbunge wa eneo. Tatizo ni kwamba mwalimu huyo huyo ndiye mdhamini wangu kwenye maombi ya kazi. Nikiituma naogopa ataniharibia. Nisipoituma naogopa Januari. Muda wa rufaa ni siku kumi za kazi, unaisha tarehe 28 Novemba.

Mama yangu ni mwalimu wa msingi, alikopa saccos ili nije huku. Tangu Ijumaa ile sipokei simu zake.

Nifanye nini, dada?

Mwenye 23, England

*

Marahaba, mdogo wangu. Nilikuandikia pembeni siku ileile kwa sababu siku zako zinahesabika, na sasa naliweka jibu lote hapa kwa ruhusa yako. Nimefanya kazi miaka tisa kwenye ofisi ya mitihani ya chuo kimoja huko huko England kabla sijarudi nyumbani, kwa hiyo barua kama yako nimezipokea nikiwa upande wa pili wa meza. Najua zinavyosomwa, na najua ni zipi zilizokuwa zinakaa bila kujibiwa.

Kabla hujamfikiria mwalimu, chukua kalamu tufanye hesabu. Asilimia 60 ya 64 ni 38.4. Asilimia 40 ya 58 ni 23.2. Ukijumlisha unapata 61.6, na chuo kikikadiria inakuwa 62. Hiyo ndiyo alama uliyostahili kuiona. Sasa futa insha yote, weka sifuri mahali pake. Kinachobaki ni 23.2, na kikikadiriwa kinakuwa 23. Alama uliyoandikiwa ni mtihani wako peke yake, umesimama bila insha.

Iangalie tena hiyo namba. Kama mwalimu angeamua kukushusha kwa chuki, angekupa 40, au 35, alama inayoweza kutetewa kwa maoni. Kama adhabu ya kuchelewa ingekatwa, tuseme alama tano kwa kila siku kwa siku sita, insha ingebaki na 34 na jumla ingekuwa 44. Kama wangekuwekea ukomo wa 50 kwenye insha, jumla ingekuwa 53. Katika njia hizo zote hakuna inayofika 23. Inafika pale tu ambapo mfumo wa kumbukumbu unaamini kwamba hukuwasilisha kitu.

Kwa nini mfumo uamini hivyo wakati insha imesahihishwa na maoni yapo? Nadhani jibu liko kwenye kile kisanduku kingine. Kwenye vyuo vingi Moodle na mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi ni vitu viwili tofauti. Alama hazihami zenyewe. Kuna mtu anayezipakua kutoka kisanduku cha kuwasilishia, anazipanga kwenye jedwali, kisha anazipandisha kwenye mfumo ule wa pili. Wanafunzi 80 wapo kwenye kisanduku kikuu, watatu waliopewa nyongeza wapo kwenye cha pembeni. Mtu akipakua kikuu na kusahau cha pembeni, wale watatu wanatokea kwenye jedwali wakiwa na nafasi tupu, na nafasi tupu ikipandishwa inageuka sifuri. Nimeyaona haya kwa macho yangu. Aliyefanya hivyo kwetu alikuwa mtu mwema, mwangalifu, na ilikuwa Ijumaa jioni. Njia nyingine ni kwamba barua ya nyongeza haikuingizwa kwenye mfumo, ukahesabiwa umechelewa kupita kikomo, na kazi iliyopita kikomo vyuo vingi huiandikia sifuri moja kwa moja. Hujui ni ipi kati ya hizo mbili, na huhitaji kujua. Kazi ya kutafuta ni yao.

Sisemi kwamba mwalimu wako anakupenda. Hilo sina namna ya kulijua, na kama Februari alikuvunjia heshima mbele ya wenzako, maumivu yako ni ya haki. Ninachosema ni kwamba namba hii haimtaji yeye, bali inataja jedwali. Na tofauti hiyo ina uzito mkubwa kwako, kwa sababu kwenye vyuo vya England huwezi kukata rufaa dhidi ya maoni ya kitaaluma ya msahihishaji. Ukiandika kwamba mwalimu alikuonea kwenye alama, karani wa rufaa anaweza kuisoma barua yako kama pingamizi dhidi ya usahihishaji, akaiweka kwenye fungu la zile zinazokataliwa mapema. Ukiandika kwamba alama iliyotolewa na msahihishaji haikuingizwa kwenye kumbukumbu, umesema jambo la utaratibu, na hilo ndilo hasa rufaa zimewekewa. Ukiliona hivyo, mwalimu wako ni shahidi wako namba moja. Ndiye aliyeandika 64.

Nimeisoma barua yako ya kurasa tatu uliyoiambatisha. Naelewa kila mstari. Lakini nilipoisoma kama karani wa zamani, nilifika katikati ya ukurasa wa pili bila kujua unataka nini kifanyike. Namba ya moduli haipo. Neno viza limetokea mara tisa, nyongeza ya muda mara moja, tena kwenye mabano. Na hapa nataka unielewe vizuri, kwa sababu wengi hujikwaa hapa. Viza ni sababu ya haraka, haiwezi kuwa sababu ya kubadilisha alama. Hakuna msajili mwenye mamlaka ya kumpa mtu alama kwa kuwa viza yake inaisha, na barua inayoanza na viza humfanya msomaji aanze kujitetea kabla hajafika kwenye ushahidi wako. Anza na kosa. Viza iweke mwisho, kwa tarehe, bila kulia.

Kama ningekaa nawe mezani, tungeiandika hivi. Utaigeuza kwa Kiingereza chako, ambacho najua ni kizuri.

"Kwa Msajili. Yah: kosa la kumbukumbu kwenye moduli ya sera ya afya (namba ya moduli), namba yangu ya mwanafunzi ni hii. Naomba alama yangu ya moduli hii irekebishwe kutoka 23 kuwa 62. Insha yangu ilisahihishwa ikapata 64 (kiambatisho A, picha ya ukurasa wa Moodle). Mtihani ulipata 58 (kiambatisho B). Kwa uzito wa 60 na 40, jumla ni 61.6. Alama ya 23 iliyothibitishwa na bodi inalingana na mtihani peke yake huku insha ikihesabiwa sifuri. Nilipewa nyongeza ya muda hadi tarehe 31 Machi 2025 saa sita mchana (kiambatisho C) na niliwasilisha tarehe 30 Machi (kiambatisho D, risiti ya Turnitin). Ninaamini alama ya insha haikuhamishwa kwenye mfumo wa kumbukumbu. Sipingi maoni ya kitaaluma ya msahihishaji yeyote. Naomba kosa hili, likithibitika, lirekebishwe kwa uamuzi wa mwenyekiti wa bodi bila kungoja kikao kijacho. Viza yangu inaisha tarehe 26 Januari 2026, na siwezi kuomba viza ya wahitimu kabla chuo hakijaiarifu Wizara ya Mambo ya Ndani kwamba nimemaliza masomo. Kwa hiyo naomba jibu la maandishi kabla ya chuo kufungwa kwa Krismasi."

Ukurasa mmoja, basi. Sentensi ya mwenyekiti usiitoe. Bodi ya mitihani haikutani kila wiki. Ikishavunja kikao cha Novemba inaweza kukaa miezi kabla ya kukutana tena, na karani akikujibu kwamba suala lako litapelekwa bodi ijayo, atakuwa hajakudanganya, ila atakuwa amekupitisha Januari. Mwenyekiti kwa kawaida ana mamlaka ya kurekebisha kosa la wazi kati ya vikao. Mwanafunzi asiyejua hilo haombi, na asiyeomba hupewa utaratibu wa kawaida.

Kuhusu viambatisho, nina ombi dogo. Usipeleke picha ya skrini iliyokatwa ikaonyesha 64 peke yake. Piga upya, ukurasa mzima, jina lako lionekane, jina la kisanduku lionekane, tarehe ionekane. Fanya hivyo leo, kwa sababu kurasa za moduli za mwaka uliopita hufungwa, na kuna siku utaingia ukute hazipo. Kwenye risiti ya Turnitin kuna namba ya uwasilishaji, mlolongo wa tarakimu. Inakili namba hiyo ndani ya barua yenyewe. Karani akiwa nayo anaweza kulitafuta faili lako bila kumuuliza mtu, na kila mtu asiyehitaji kuulizwa anakuokolea siku kadhaa.

Sasa wapi pa kuipeleka. Hapa mbele yako zipo njia kadhaa, na kila moja ina hatari yake.

Unaweza kuanza na mwalimu. Barua pepe fupi: alama ya insha uliyonipa ni 64, kwenye matokeo imetokea kama sifuri, je, unaweza kunithibitishia kwamba 64 ndiyo uliyoitoa? Akikujibu mstari mmoja, hakuna ushahidi bora kuliko huo, na pengine atainua simu mwenyewe jambo likaisha Jumanne. Pia anajua mapema, kutoka kwako, kwamba humshtaki. Kwa mtu unayemtegemea kama mdhamini hilo lina maana. Hatari yake ni kwamba walimu husema "niachie, nitalifuatilia", kwa nia njema kabisa, na wewe unakaa kungoja. Kuzungumza na mwalimu hakusimamishi saa ya rufaa. Tarehe 28 ikipita huku ukisubiri ahadi ya mdomo, utaombwa ueleze kwa nini umechelewa, na "mwalimu aliniambia nisubiri" bila maandishi ni neno dhaifu.

Unaweza kupeleka barua kwa Msajili moja kwa moja kama malalamiko. Lakini angalia kanuni za chuo chako. Kwenye vyuo vingi malalamiko na rufaa ni milango miwili. Malalamiko ni ya huduma: mwalimu hakufika, maabara ilifungwa, ofisi ilikudharau. Matokeo huenda kwa rufaa, kwenye fomu yake, kwa ofisi yake. Ukipeleka suala la alama kwenye mlango wa malalamiko, linaweza kukaa wiki moja kabla mtu hajakuandikia kwa adabu kwamba ulipaswa kujaza fomu nyingine. Ndiyo maana watu wengine hujaza fomu ya rufaa ndani ya muda, wakaambatisha barua ile ile, kisha wakamwandikia Msajili mistari minne kumjulisha kwamba rufaa imepokelewa tarehe fulani na ina tarehe ya mwisho ya viza. Hapo Msajili hana cha kuamua, ila ana cha kuulizia.

Halafu kuna njia ya rafiki yako, ya kumtumia kila mkubwa nakala. Namheshimu kwa kukusimamia. Ninachojua kutoka kiti changu cha zamani ni kwamba barua yenye wapokeaji wanne humfanya kila mmoja adhani mwenzake anaijibu, na ikishamfikia Makamu Mkuu wa Chuo, ofisi ya chini haiwezi tena kurekebisha kimya kimya. Lazima sasa iandae maelezo. Nguvu hiyo usiitupe, iweke akiba. Kama ifikapo wiki ya pili ya Desemba hakuna aliyejibu, nakala kwa mkubwa itakuwa na kitu cha kusema: niliandika tarehe hii, nikakumbusha tarehe hii, sijajibiwa. Mbunge wa eneo naye anaweza kuuliza kuhusu mambo ya viza serikalini, ila alama hawezi kuigusa.

Jambo la mwalimu kukubagua, kama moyo wako unasema lipo, ni la kwako kuamua kama utalipeleka. Ukiamua hivyo, liandike peke yake, kwa tarehe na maneno yaliyosemwa na waliokuwepo, ulipeleke kama malalamiko kwenye mlango wake. Halihitaji kuisha tarehe 28 pamoja na hili. Ukilichanganya na hesabu ya 23, kila moja linamdhoofisha mwenzake: uchunguzi wa ubaguzi ni mrefu, na alama yako itafungwa kamba na uchunguzi huo.

Kuna chombo kingine wanafunzi wachache wanakikumbuka. Sheria ya Uingereza ya kulinda taarifa binafsi inakupa haki ya kuomba taarifa zako zilizokosewa zisahihishwe, na kupewa nakala ya taarifa ulizoandikiwa, kwa kawaida ndani ya mwezi mmoja. Alama na maoni ya msahihishaji vimo. Karatasi uliyoandika ndani ya chumba cha mtihani haimo. Haki hiyo haimlazimishi mtu abadili uamuzi wake wa kitaaluma, ila sifuri iliyotokana na nafasi tupu si uamuzi wa mtu. Ukiomba leo, mwezi unaisha jirani na Krismasi, kwa hiyo usiitegemee kama mlango mkuu. Itakufaa kama ofisi itakataa kwamba 64 ilikuwepo.

Tuje kwenye viza. Hapa nitasema ya jumla tu, kwa sababu Uingereza mtu asiyesajiliwa au kuruhusiwa haruhusiwi kutoa ushauri wa uhamiaji kama huduma, hata bila malipo, na ni bora hata rafiki yako na mwalimu wako wasijaribu. Nenda ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ya chuo chako, au kwenye kituo cha ushauri cha chama cha wanafunzi, ambacho hakiko chini ya Msajili. Nenda wiki hii, usingoje rufaa.

Ulichokisema kuhusu viza ya wahitimu ni kweli: chuo lazima kiwe kimeshaiarifu Wizara kabla ya siku unayoomba. Ukiomba mapema kwa matumaini kwamba taarifa itafuata, maombi hukataliwa. Lakini nadhani umejibebesha mzigo mzito kuliko ulivyo. Huhitaji cheti, huhitaji kuvaa joho. Taarifa ya chuo inatosha. Na tarehe 26 Januari huhitaji kuwa umejibiwa. Unahitaji kuwa umeomba. Aliyeomba kwa wakati hubaki na ruhusa yake ile ile mpaka ajibiwe. Kwa hiyo kinachotakiwa ni alama irekebishwe, bodi ikutunuku shahada, chuo kitume taarifa, kisha wewe ubonyeze. Kati ya hatua hizo, ya taarifa ndiyo husahaulika. Vyuo vingi hutuma taarifa za wahitimu kwa mafungu, na fungu lako litakuwa limeshapita. Ukishatunukiwa, iandikie ofisi ya viza ya chuo siku hiyo hiyo uombe jina lako litumwe peke yake, kisha subiri wakuthibitishie kwa maandishi kabla hujalipa.

Kalenda yenyewe si ndefu. Vyuo hufunga karibu na tarehe 24 Desemba na kurudi baada ya mwaka mpya. Una kama wiki tano kabla ya likizo, na wiki tatu baada yake. Kwa kosa la jedwali muda huo unatosha, ikiwa mtu ameshalishika faili.

Na ikishindikana? Ni haki yako kujua. Chuo kinaweza kukubali kukudhamini upya kwa ajili ya kurudia, ambayo ina maana ya kukupa CAS mpya, yaani uthibitisho wa chuo kwamba kinakudhamini kusoma, na wewe kuomba viza ya mwanafunzi upya kabla ya tarehe 26. Lakini vyuo vingi husita kumdhamini mtu anayerudia insha moja tu bila kuhudhuria darasa. Unaweza kurudi nyumbani na kuiandika insha hiyo ukiwa Korogwe mwezi Mei. Shahada utaipata, ila insha ya kurudia mara nyingi huwekewa ukomo wa 50, na viza ya wahitimu huombwa mtu akiwa ndani ya Uingereza, kwa hiyo mlango huo utakuwa umefungwa. Kubaki baada ya viza kuisha bila kuwa umeomba chochote kunakuwekea doa kwenye maombi ya baadaye, na ukipitisha siku thelathini unaweza kuzuiwa kurudi kwa mwaka mmoja au zaidi. Chuo kikikataa rufaa yako hadi mwisho, kiombe barua ya kukamilisha taratibu. Kwa barua hiyo una miezi 12 ya kwenda OIA, ofisi huru inayosikiliza malalamiko ya wanafunzi wa England na Wales bila malipo. Inaweza kukupa haki yako, ila haiendi kwa kasi ya Januari.

Wakikutumia fomu ya kukubali kurudia Mei kabla rufaa haijaamuliwa, usikimbilie kuisaini, na usiipuuze pia. Waulize kwa maandishi kama kujiandikisha kurudia kunaathiri rufaa yako. Mara nyingi hakuathiri, lakini unataka jibu hilo liwe kwenye kikasha chako.

Kuhusu mdhamini: unaogopa kumpoteza, na sitakuambia hofu hiyo haina msingi. Jiulize tu, katika barua zote mbili, ile ya kurasa tatu na ile ya ukurasa mmoja, ni ipi ambayo ungekuwa radhi aisome? Kwa sababu huenda akaisoma. Rufaa ikifika, mara nyingi humtumia msahihishaji nakala na kumuuliza anasemaje.

Na mama. Mwalimu wa shule ya msingi amejaza majedwali ya alama maisha yake yote. Amewahi kuruka mstari akampa mtoto alama za mwenzake, kisha mzazi akaja na karatasi mkononi. Ukimwambia "mama, nimefeli", utamlaza macho. Ukimwambia "mama, wamesahau kuingiza insha yangu, nimewapelekea karatasi", atakuuliza umeziambatisha zote? Kama utampigia kabla au baada ya kutuma, unajua wewe ulivyo naye.

Nakukumbusha nililokuambia pembeni: kwenye fomu ya rufaa kuna kisanduku cha kuchagua sababu. Mapema ulikuwa umeweka alama kwenye "upendeleo wa msahihishaji". Kirudie kisanduku hicho kabla hujabonyeza, uone kama ndicho unachoweza kukithibitisha kwa viambatisho A hadi D.